Nani Anaipata Laini ya Redio?

Saa moja na dakika 20 jioni. Katika studio ya redio ya jamii, kwenye mji mdogo wa kando ya Ziwa Victoria, simu ya vitufe imelazwa juu ya meza. Waya mwembamba umechomekwa kwenye tundu lake la kusikilizia muziki, ukapita chini ya kikombe cha chai na kuingia kwenye mikisa. Hiyo ndiyo laini ya wasikilizaji. Hakuna nyingine.

Mgeni wa leo ni ofisa wa maji. Mtangazaji anasoma namba ya studio taratibu, kama mwalimu anayetoa imla. Hajafika tarakimu ya mwisho, simu imeshaita.

"Halo, nani mwenzetu, na unatupigia kutoka wapi?"

Mtayarishaji aliyeketi kando yangu ameshaandika jina kwenye daftari kabla mpigaji hajalitaja. Anamjua kwa jinsi anavyovuta pumzi. Ni "mdau", kama wanavyoitwa humu studioni watu ambao sauti zao husikika karibu kila jioni.

Mdau anaanza na salamu: kwa mtangazaji, kwa fundi mitambo, kwa mgeni, kwa wadau wenzake anaowataja mmoja mmoja. Nusu dakika inakwisha. Kisha anafika kwenye hoja yake: bomba la pale kijiweni kwa bodaboda, mkabala na stendi, limepasuka na maji yanamwagika barabarani. Ofisa anaandika na kuahidi kwamba kesho asubuhi mafundi watakuwa hapo.

Jioni ileile, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka studio, mama mmoja muuza dagaa alikuwa akipiga namba hiyohiyo. Nilikutana naye siku ya pili. Kisima chao kilikuwa kimeharibika pampu, na wanawake walikuwa wamerudi kuchota ziwani. Alipiga mara tano, na mara zote tano alisikia sauti ya mtandao ikimwambia kuwa namba anayopiga inatumika kwa sasa. Baada ya hapo ugali ulikuwa umeiva na watoto wanasubiri.

"Nikasema basi, hiyo redio ina wenyewe," aliniambia, huku akipepeta dagaa kwenye ungo.

Kutoka kadi hadi simu

Kwa miongo mingi msikilizaji wa Afrika Mashariki alikuwa na njia moja ya kuingia redioni: kalamu. Alinunua kadi ya salamu, akaijaza majina ya ndugu na marafiki, akaituma kwa posta, kisha akakaa wiki kadhaa akisubiri mtangazaji aisome. Jina lake lilifika hewani, sauti yake haikufika. Redio zenyewe zilikuwa mali ya serikali.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Uganda ilipata vituo binafsi mwaka 1993. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga sheria ya utangazaji iliyofungua milango, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Kenya nayo ikafuata katikati ya muongo huo. Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000, kipindi cha kupiga simu kikawa chakula cha kila siku cha redio, kwa sababu kinavuta watu na gharama yake ni ndogo. Hakihitaji mwandishi wa kwenda mbali wala nauli. Kinahitaji mtangazaji, mgeni na laini moja.

Ndipo viongozi nao walipozoea kusikiliza. Ofisa anapotoka studioni husema, "Nimewasikia wananchi." Maji, barabara, dawa za zahanati na pembejeo za ruzuku hupangwa kwa sehemu fulani kufuatana na kelele inayosikika, na redio ndiyo kelele inayofika mbali zaidi. Kwa hiyo swali la nani anaipata laini lina uzito wa ndoo ya maji.

Hesabu ya saa moja

Tuchukue kipindi cha dakika 60. Muhtasari wa habari uondoe dakika 5. Matangazo ya biashara na ya mdhamini tuyape dakika 12. Utangulizi, viashiria vya kipindi na kipande cha muziki, dakika 8. Mgeni naye lazima aeleze jambo lake na kujibu, dakika 15. Zinabaki 20 za wasikilizaji.

Mpigaji mmoja, pamoja na salamu na "haloo, unanipata?", hula dakika moja na nusu. Dakika 20 zinatosha watu 13 tu, katika eneo la matangazo lenye wilaya mbili au tatu.

Sasa tuangalie hao 13 wanapatikanaje. Wengi hudhani kuna foleni, kwamba ukipiga kwanza utapokewa kwanza. Kwa simu moja iliyochomekwa kwenye mikisa, foleni haipo. Mpigaji mmoja akiwa hewani, wengine wote wanasikia laini inatumika na wanakatwa. Anayefuata ni yule ambaye kidole chake kitabonyeza katika sekunde ile laini inapoachiwa. Aliyepiga sekunde mbili kabla amekosa, na aliyepiga sekunde mbili baada amemkuta mwenzake ameshaingia.

Kwa hiyo anayepiga mara nyingi ndiye mwenye nafasi. Kijana aliyekaa kijiweni na kurudia namba kila baada ya sekunde 15 atakuwa amejaribu mara 80 katika dakika hizo 20. Mama muuza dagaa amejaribu mara 5 katikati ya kusonga ugali. Kwa kila nafasi moja ya mama, kijana ana 16, na hapo hatujasema kwamba kijana ana simu mbili.

> Kwa kila nafasi moja ya mama aliyepo jikoni, kijana wa kijiweni ana kumi na sita.

Wadau wameifanya bahati nasibu hii kuwa ufundi. Mmoja wao, fundi wa kushona nguo, alinionyesha. Huweka redio mbali na simu ili isipige kelele akiingia hewani. Husikiliza mpigaji aliyetangulia, na akisikia tu mtangazaji anasema "tunakushukuru", hapo hapo anabonyeza, kwa sababu anajua simu huchukua muda kidogo kabla ya kuanza kuita. Ikianza kuita, laini imeshaachiwa. Alifanya hivyo mbele yangu, na akapata laini katika jaribio la pili.

Kusubiri nako ni pesa

Vituo vikubwa vina mfumo wa laini kadhaa. Mtayarishaji hupokea simu pembeni, huuliza jina, mahali na hoja, kisha humwambia mpigaji asubiri zamu. Hii ni foleni ya kweli, lakini inaleta tatizo jingine. Kwetu anayelipa ni anayepiga, na salio linaanza kukatwa pale simu inapopokelewa, siyo pale sauti inapoingia hewani. Anayewekwa pembeni dakika 10 akisubiri mgeni amalize anakatwa salio la dakika 10 za ukimya.

Mwenye kifurushi cha mwezi haumii. Aliyeweka salio la shilingi 500 kwa ajili ya kesho kumpigia mteja wa dagaa anaishiwa kabla hajafikiwa. Mtangazaji husema "laini imekatika, ajaribu tena", na wasikilizaji hudhani ni mtandao. Mtayarishaji mwenye uzoefu hutofautisha. Mtandao mbovu hukwaruza kwanza, au sauti ya mpigaji humezwa vipande vipande. Salio likiisha, mtu hukatika safi, katikati ya neno, mara nyingi baada ya kusubiri sana.

Ujumbe mfupi ni nafuu zaidi, ingawa baadhi ya namba fupi hutozwa zaidi kuliko ujumbe wa kawaida. Nao una mlango wake: lazima ujue kuandika, na mtangazaji ndiye anayeamua asome upi na ausome kwa sauti gani. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unataka simu janja na bando. Kila njia mpya inawaongezea nafasi walewale waliokuwa nayo, isipokuwa kituo kikiamua vinginevyo.

Hapa ndipo bipu ilipokuwa na hekima yake. Mtu anapiga na kukata kabla haijapokelewa, halipi senti, namba yake inabaki kwenye orodha. Mtayarishaji niliyekaa naye alinionyesha simu ya studio baada ya kipindi. Kulikuwa na kurasa kwa kurasa za simu zisizopokelewa, na nyingi ziliita mara moja tu. Asubuhi orodha hiyo hufutwa ili simu isijae.

Wadau wajitetea

Nilikwenda kwa wadau nikiwa na malalamiko ya mama muuza dagaa, na sitasema walinijibu vibaya. Yule fundi cherehani amepiga simu redioni kwa miaka mingi. Hudai hakuna anayemlipa. Husoma bajeti ya halmashauri ikibandikwa kwenye ubao, huinukuu hewani, na viongozi wanamwogopa kidogo. "Mimi nisipopiga, unadhani atapiga nani? Watakaa kimya wote, na yule ofisa atapiga porojo saa nzima," alisema.

Ana haki. Kipindi kisicho na simu kinakufa, na mdau ndiye anayevunja ukimya wa mwanzo. Mtayarishaji naye anampenda kwa sababu nyingine: anaongea kwa kueleweka, anapunguza sauti ya redio bila kuambiwa, hatukani, na anajua kumaliza.

Lakini kuzoeleka kunageuka kuwa mali. Nchini Ghana wapigaji wa aina hii wamejulikana kwa miaka mingi kama kundi kamili la kisiasa. Vyama viliona kwamba watu wachache wenye kipaji cha kupata laini wanaweza kusikika kama taifa zima, vikawapa salio na hoja za siku. Hapa kwetu mdau mmoja alikiri kwamba wakati wa kampeni aliwahi "kuwekewa vocha" na mgombea wa udiwani. Hakuona ubaya, kwa kuwa alikuwa anamuunga mkono hata hivyo. Msikilizaji wa kijijini hakuambiwa.

Kuna dalili za kumtambua aliyetumwa. Sentensi zake zinafanana na za mpigaji aliyepita, hata mpangilio wa hoja. Anampongeza kiongozi kwa cheo kamili kabla ya kutaja shida. Ukimuuliza swali la pembeni, mfano bei ya nauli ya kutoka huko anakosema anatoka, anababaika au anakata.

Hofu studioni

Ipo sababu nzito zaidi inayowafanya watayarishaji wawakumbatie wadau: wanaogopa simu wasiyoijua.

Hofu hiyo ina historia. Desemba 30, 2007, siku matokeo ya urais yalipotangazwa nchini Kenya, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Baadaye tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza jinsi baadhi ya redio za lugha za makabila zilivyobeba maneno ya chuki, na vipindi vya kupiga simu vilikuwa miongoni mwa milango yake. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu pamoja na William Ruto. Aprili 5, 2016 majaji wakaisitisha kesi hiyo kwa uchache wa ushahidi, lakini hakuna mtangazaji wa ukanda huu aliyesahau kwamba mtu wa kazi yake alipandishwa kizimbani The Hague.

Uganda ilikuwa na njia yake ya kuikwepa simu kabisa. Vituo vya Kampala vilifanya ebimeeza, mijadala ya hadhara kwenye baa na kumbi, ambako watu walikaa wakaomba zamu kwa mwenyekiti na kuzungumza, redio ikirusha moja kwa moja. Mkutano wa kituo cha CBS, kilicho na uhusiano na ufalme wa Buganda, uliitwa kwa Kiswahili: Mambo Bado. Pale hukuhitaji salio, ulihitaji kufika. Hata hivyo nako waliozoeleka walikalia zamu, na mtu wa mbali na Kampala hakuwa na lake. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokana na Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali ilifunga CBS na vituo vingine, ikapiga marufuku ebimeeza. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Marufuku ya mijadala ilibaki.

Kiufundi, kinga ya studio ni kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde 7 au zaidi, chenye kitufe cha kufuta tusi kabla halijafika kwa msikilizaji. Redio nyingi ndogo hazina kifaa hicho. Zilicho nacho ni kidole cha fundi mitambo juu ya kitelezi cha sauti, na kidole huchelewa. Basi mtayarishaji anafanya lililo rahisi: akiona namba ngeni inaita, anaiacha; akiona ya mdau, anapokea.

Hofu ipo upande wa pili pia. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Tanzania mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kila namba ina mwenyewe. Mpigaji anajua namba yake inaonekana kwenye kioo cha studio. "Naomba jina langu lisitajwe" haimfichi kwa aliye ndani. Mkulima anayetaka kumsema mwenyekiti wa ushirika anayemdai mkopo hupima mara mbili, kisha hukaa kimya.

Sauti ya mke hewani

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walioshirikiana na wenzao wa Kenya na Zambia mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuta jambo ambalo yeyote anaweza kulihakikisha kwa kalamu na karatasi jioni ya leo: wanaoingia hewani wengi ni wanaume.

Kipindi chetu huanza saa moja jioni kwa sababu ndio wakati maofisa wana nafasi na wadhamini wanalipa. Ndio wakati huohuo moto unawashwa. Katika nyumba nyingi simu yenye salio inakaa mfukoni mwa baba, na baba bado hajarudi.

Hata mwenye simu yake ana la kufikiri. Sauti inatambulika kuliko uso. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniambia alipiga mara moja tu, kuuliza kwa nini wajawazito wanaambiwa waende na glovu zahanati. Siku ya pili sokoni watu wasiopungua watatu walimwambia walimsikia. Nyumbani mume aliuliza kwa nini hakumwambia kwanza. Hakumgombeza, aliuliza tu. Hajapiga tena.

> "Hakunigombeza, aliuliza tu." Hajapiga tena.

Wapo waliojaribu kulitafutia dawa. Shirika la Farm Radio International, linalofanya kazi na vituo vya wakulima katika nchi nyingi za Afrika, limetumia mfumo ambao msikilizaji anabipu namba fulani na mtambo wenyewe unampigia, gharama zikibaki kwa kituo. Limewapa pia vikundi vya wanawake simu za kurekodi maoni yao, ili yaingie kipindini bila mwanamke kuhangaika na laini saa ya mapishi. Kinachofanya njia hii ifae ni kwamba sauti inarekodiwa mchana, kwenye kikundi, na hakuna anayesimama peke yake. Udhaifu wake ni kwamba mfadhili akiondoka, simu hubaki bila salio.

Daftari la mtayarishaji

Nilimuuliza mtayarishaji wa kipindi chetu kama anaweza kufanya lolote bila mfadhili. Alifungua daftari lake. Tangu mwanzo wa mwezi alikuwa ameandika kila aliyeingia hewani: jina, mahali, mwanamume au mwanamke, mara ya ngapi. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Alipitisha kidole kwenye safu ya mahali. Mjini, mjini, stendi, mjini, barabara kuu. Kijiji cha mama muuza dagaa hakikuwemo hata mara moja, ingawa redio inasikika huko bila kukwaruza.

"Nilikuwa nadhani hawatusikilizi," alisema.

Alifikiria mambo mawili. La kwanza, kuacha kufuta orodha ya bipu, na kila asubuhi kuwapigia watu watano ambao namba zao hazijawahi kuingia hewani, awarekodi na kuwaweka mwanzoni mwa kipindi. Vocha ya kazi hiyo alisema ataiomba kwa meneja, na hakuwa na uhakika wa jibu. La pili halikuwa na gharama: simu tatu za kwanza ziwe za wasiowahi kupiga, na wadau waombwe hewani wasubiri.

Alhamisi iliyofuata nilirudi studioni. Mtangazaji alitoa tangazo hilo, akasoma namba, akanyamaza. Simu iliita papo hapo. Mtayarishaji aliangalia kioo, akatikisa kichwa: mdau. Ikaita tena. Mdau. Kisha ikanyamaza. Redioni sekunde kumi za ukimya ni ndefu kama mwaka, na fundi mitambo alishapeleka mkono kwenye muziki.

Ikaita. Namba ngeni.

"Halo, karibu, nani mwenzetu?"

Kilichojibu kilikuwa mluzi mkali uliotufanya sote tuvue vifaa vya masikioni, na nyuma ya mluzi, sauti ya bibi mtu mzima ikiuliza kama ameshaingia.

"Umeingia, bibi, shikamoo. Tafadhali punguza sauti ya redio yako."

"Marahaba, mwanangu. Redio si yangu, ya jirani. Ngoja nimwite apunguze."

Tukamsikia akiita jina kupitia ukuta. Mtangazaji alimtazama mtayarishaji, mtayarishaji akainua mkono: mwache. Fundi mitambo akaondoa mkono kwenye muziki. Tukasubiri.